Jicho Lililouma Kuliko Lilivyoonekana

Usiku wa tano nilikuwa nimeketi kwenye sakafu ya bafuni, taa imezimwa, nimejifunga khanga kuanzia kipajini hadi puani ili hata mwanga wa simu usinifikie. Jicho la kushoto lilikuwa linachoma kutoka ndani, maumivu yakipanda hadi kwenye nyusi na kushuka upande wa taya, na machozi hayakatiki. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kunitembelea. Alinishika kidevu, akawasha tochi kwa mbali, akaniangalia kwa makini. Akasema, "Mwanangu, mbona jicho lenyewe halijavimba? Limeiva kidogo tu. Unalilia nini hivyo?"

Hakuwa ananidharau. Alikuwa anasema alichokiona. Hata mimi asubuhi nilipojitazama kwenye kioo niliona wekundu hafifu, kama wa mtu aliyekosa usingizi. Na kila aliyenitazama baada yake, wakiwemo watu waliovaa koti jeupe, aliona hichohicho na akayapima maumivu yangu kwa wekundu huo. Zilipita siku ishirini na saba kabla sijampata mtu aliyefanya kinyume, aliyesikia ukubwa wa maumivu kwanza kisha akajiuliza kwa nini jicho halifanani nayo.

Mimi ni mhasibu, naishi Dar es Salaam. Sioni mbali tangu sekondari, na kwa miaka sita nilivaa lenzi laini zile za mwezi mzima, ambazo unazivaa asubuhi, usiku unazilaza kwenye kikopo chake chenye dawa, na mwezi ukiisha unafungua jozi mpya. Dawa ya lenzi nilinunua kila mara. Sikuwa mzembe kwa namna nilivyouelewa uzembe wakati huo. Lakini kila asubuhi nilisuuza kile kikopo kwa maji ya bomba, nikakikung'uta na kukifunika kikiwa bado na matone ndani. Nilioga nikiwa nazo machoni. Jumamosi niliogelea nikiwa nazo, bila miwani ya kuogelea, kwa sababu bila lenzi sioni hata ukingo wa bwawa. Na siku lenzi ikidondoka kwenye sinki ofisini, niliiosha pale pale bombani na kuirudisha jichoni. Nayataja yote kwa sababu hadi leo sijui ni lipi kati ya hayo lililoniponza, na hakuna anayeweza kulijua kwa uhakika.

Kiumbe kilichoingia jichoni mwangu kinaitwa akanthamiba. Ni amiba, ila si ile inayoleta kuhara damu. Hii haihitaji kuishi ndani ya mtu. Inaishi zake kwenye udongo, mito, bahari, mabwawa, vumbi, na kwenye maji ya bomba. Chakula chake ni bakteria. Popote penye utelezi ule mwembamba unaousikia ukipitisha kidole ndani ya ndoo iliyokaa siku nyingi, pana bakteria, na penye bakteria amiba hii ina mezani pake. Nyumba nyingi kwetu zinapokea maji kwa mgao, kwa hiyo kila mtu ana tangi juu ya paa au kwenye mnara wa chuma, maji yanakaa humo kwa siku kadhaa kwenye joto, na tangi halioshwi mpaka mtu aone matope yakitoka bombani. Uingereza nako, ambako ugonjwa huu umechunguzwa sana, matangi ya maji yaliyo darini mwa nyumba za zamani yametajwa kuwa moja ya sababu zinazowaweka wavaaji lenzi hatarini.

Kinachofanya amiba hii iwe ngumu ni kwamba ina maisha mawili. Katika hali ya kwanza inatembea, inakula na kujigawa. Mazingira yakiwa mabaya, inajikunja na kujijengea gamba lenye kuta mbili, nalo gamba hilo lina selulosi, kitu kilekile kinachoipa mti ugumu. Humo ndani inalala. Klorini ya maji ya bomba au ya bwawa haiiamshi wala haiiui. Kukauka haikujali. Magamba yaliyohifadhiwa maabara kwa zaidi ya miaka 20 yamewahi kuwekwa penye chakula, na amiba wakatoka wakiwa hai. Kwa hiyo bwawa linalonuka klorini mpaka macho yanawasha si ushahidi kwamba liko salama kwa mvaaji lenzi, ingawa mimi harufu ile ndiyo iliyokuwa inanipa amani.

Karibu kila mtu amewahi kuguswa na amiba hii usoni bila kudhurika. Jicho zima linajilinda: machozi yanaisukuma nje, na ngozi ya juu ya konea, kile kioo cha mbele ya mboni, haina mahali pa kushikia. Lenzi ndiyo inayobadilisha mambo. Inakwaruza konea mikwaruzo midogo usiyoihisi, na amiba hushikamana kwa urahisi zaidi na konea iliyokwaruzwa. Lenzi yenyewe inakuwa kama kitambaa kilicholowa, inaibeba amiba na kuibana hapohapo kwa masaa. Maji matupu yana jambo jingine tena: lenzi laini ikikutana nayo hubadilika umbo na kunata kwenye jicho, ukiivua inabandua na ngozi. Katika nchi tajiri, wagonjwa wengi mno wa ugonjwa huu ni wavaaji wa lenzi. India ni tofauti, kule wengi hawajawahi kuvaa lenzi, wameumizwa jicho shambani au wamerukiwa na maji machafu. Kwa hiyo mkulima aliyechomwa na jani la mpunga, kisha akanawa kwa maji ya mfereji, naye asiseme hili halimhusu.

Ilianza Ijumaa, mchanga tu jichoni. Nilivua lenzi nikavaa miwani. Jumapili mwanga wa dirishani ulikuwa hauvumiliki. Jumanne nilikwenda zahanati, nikaambiwa ni macho mekundu yanayozunguka mjini, nikapewa matone ya kloramfenikoli. Hayo ni matone ya bakteria, na kwa amiba ni sawa na maji. Usiku wa siku ile ndio ule wa bafuni.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwingine. Pale waliniwekea ile rangi ya njano inayong'aa chini ya mwanga wa buluu, wakaona mchubuko kwenye konea wenye matawi kama kijiti. Wakasema ni virusi vya herpesi. Sitaki kumlaumu aliyesema hivyo, maana nimejifunza baadaye kwamba hilo ndilo kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote. Herpesi huchora konea kwa matawi, na amiba katika siku zake za mwanzo huchora kitu kinachofanana sana na matawi hayo. Nilipewa malhamu ya asaiklovia, mara tano kwa siku. Siku saba baadaye, nilipowaambia bado siwezi kulala, wakaongeza matone ya steroidi ili kutuliza uvimbe.

Siku mbili za kwanza za steroidi nililala kama mtoto. Nilimpigia mama, ambaye alikuwa amesharudi Tanga, nikamwambia nimepona. Naona uchungu kulikumbuka hilo, kwa sababu sasa najua kilichokuwa kinaendelea. Steroidi huzima mwitikio wa mwili. Wekundu unapungua, uchungu unapungua, lakini aliyeusababisha hajaguswa, na sasa hana anayemzuia. Tena majaribio ya maabara yameonyesha kwamba dawa za aina hiyo zinaweza kuwatoa amiba kwenye magamba yao na kuwafanya waongezeke. Siku ya nne maumivu yalirudi makali kuliko mwanzo, na jicho likawa na ukungu kama kioo cha gari alfajiri.

Daktari wa konea nilielekezwa kwake na jirani aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Niliingia nikiwa na miwani meusi na kofia. Kabla hajanigusa aliniuliza, "Dada, kwenye kumi, maumivu ya hilo jicho unayapa ngapi?" Nikamwambia kumi. Akasogea na taa yake, akaniangalia kwa sekunde chache, akakaa tena akauliza swali ambalo kwa siku ishirini na saba hakuna aliyeniuliza: "Unavaa lenzi?"

Kote nilikokwenda nilikwenda nimevaa miwani, kwa sababu lenzi zilikuwa hazivaliki. Nani angejua? Na mimi sikusema, kwa sababu sikujua kwamba ni habari inayohusika.

Alinieleza hesabu yake wakati akiendelea kunipima. Wekundu wa jicho unatoka kwenye mishipa ya damu, nayo iko kwenye ile sehemu nyeupe. Konea yenyewe haina mshipa hata mmoja wa damu, ndiyo maana inapitisha mwanga. Lakini ina neva nyingi mno, mara mamia kuliko ngozi ya mkono kwa eneo lilelile. Ugonjwa unaokaa katikati ya konea unaweza kuwa na vitu vingi vya kuumiza na vichache vya kuiva. Na amiba hii ina tabia ya pekee: inazifuata neva. Inajipanga kando yake, na mwili unapopeleka askari kuipiga, vita inapiganwa juu ya neva yenyewe. Kwenye hadubini yake aliona michirizi mieupe iliyokuwa ikitoka pembeni ya konea kuelekea katikati, kama miale, kila mmoja ukifuata njia ya neva. Akaniambia michirizi ile ni karibu sahihi ya mkono wa akanthamiba. Pia kulikuwa na ukungu ulioanza kujipinda kuwa nusu duara. Duara likikamilika, ndiyo ile pete ya konea inayoonyeshwa kwenye vitabu, nayo ni dalili ya kuchelewa.

Kisha akasema jambo ambalo ningetamani kila mwenye kutibu macho alikumbuke. Herpesi, kwa kawaida, huifisha neva za konea. Mgonjwa wake ukimgusa konea kwa ncha ya pamba mara nyingi hahisi sana. Kwa hiyo mvaaji wa lenzi mwenye matawi kwenye konea na maumivu ya kulia usiku, amiba iwe mbele ya herpesi kwenye orodha mpaka kipimo kiiondoe. Aliongeza tahadhari, nami naiandika kama alivyoiweka: wapo wagonjwa wa amiba ambao mwanzoni hawaumwi sana, na kukosa maumivu hakumtoi mtu hatarini. Maumivu makubwa kwenye jicho lenye wekundu mdogo yanapiga kengele, lakini kimya hakina maana kwamba hakuna moto.

Kipimo kilifanyika palepale. Aliniwekea matone ya ganzi, na kwa mara ya kwanza kwa karibu mwezi mzima uchungu ulikatika. Kimya kilichoingia kichwani mwangu siwezi kukieleza. Nilimwomba anipe ile chupa niende nayo nyumbani, nikamwomba tena huku nalia. Alikataa kabisa. Ganzi ile ikitumiwa kila siku inaizuia konea kupona na inaitoboa, akasema, na mgonjwa anayeipata dukani anaweza kulipoteza jicho ambalo amiba ingeliacha. Akakwangua ngozi ya juu ya konea kwa kisu kidogo. Kukwangua kule kulikuwa kipimo na tiba kwa pamoja, maana unaondoa sehemu ya wadudu na kuifungulia dawa njia.

Sehemu ya alichokwangua ilipakwa kwenye vioo vya hadubini. Nyingine iliwekwa kwenye sahani ya agari, ile jeli ya maabara, isiyo na chakula chochote, juu yake wamepaka utando wa bakteria wa tumboni. Nilipenda sana maelezo ya kipimo hiki. Sahani haina kitu cha kula ila bakteria wale, kwa hiyo kinachoota pale ni kile tu kinachokula bakteria. Amiba ikiwepo, inatembea huku inakula, na nyuma yake inaacha njia tupu kama konokono ukutani. Aliniagiza pia niwapelekee kikopo changu cha lenzi jinsi kilivyo, nisikioshe. Jioni ile kwenye hadubini walishaona magamba yenye kuta mbili. Siku ya tatu njia zilikuwa zimejaa kwenye sahani ya jicho, na kwenye sahani ya kikopo pia. Fundi wa maabara alinionyesha. Niliangalia mistari ile, nikakumbuka ni mara ngapi nilikisuuza kikopo kile nikijiona msafi.

Baadhi ya hospitali zina vipimo vingine siku hizi. Penye vifaa, wanatafuta vinasaba vya amiba kwa kipimo cha PCR, au wanatumia hadubini ya konfokali inayoangalia ndani ya konea bila kukwangua na kuona magamba yakiwa vidoa vyeupe. Vyote vinaweza kumkosa amiba aliyejificha ndani sana, ndiyo maana daktari mwenye mashaka harudi nyuma kwa jibu moja la hapana.

Dawa ilikuwa klorheksidini ya 0.02%, iliyotengenezwa na mfamasia wa hospitali kwa sababu haiuzwi ikiwa tayari kama matone ya macho. Nasisitiza tarakimu ile, sifuri nukta sifuri mbili. Klorheksidini ya kusukutua mdomo ni nzito mara kadhaa kuliko hiyo na ina vitu vingine ndani yake, na ile ya kusafishia ngozi kabla ya upasuaji ikiingia jichoni inaiunguza konea bila kurudi. Mtu asijaribu kuchanganya jikoni kwake. Dawa nyingine inayotumika sehemu nyingi duniani inaitwa poliheksanidi, nayo zamani ilikuwa inatengenezwa vivyohivyo na wafamasia, mpaka mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipoidhinisha matone yake ya 0.08% kwa ajili ya ugonjwa huu. Pamoja na klorheksidini niliwekewa propamidini ya 0.1%. Hapa haikupatikana. Kaka yangu yuko Leicester, na kule inauzwa kwenye maduka ya dawa kwa macho mekundu ya kawaida, akanitumia chupa nne na mtu anayesafiri.

Siku mbili za kwanza ni tone kila saa, mchana na usiku, bila kuruka. Sababu yake ni yale maisha mawili. Amiba anayetembea hufa kwa urahisi, lakini akipata nafasi anajikunja kwenye gamba, na gamba linahitaji dawa nzito na ya muda mrefu. Unataka kumkuta mwingi iwezekanavyo kabla hajajenga. Mama alirudi kutoka Tanga kwa basi la asubuhi kwa ajili ya zile siku mbili. Aliweka kengele ya simu kila saa, akawa ananiamsha kwa kunigusa bega, "Fungua, mwanangu," tone la kwanza, anasubiri dakika tano kwa kuhesabu tasbihi, tone la pili. Bila kungoja dakika zile, tone la pili linaliosha la kwanza. Baada ya hapo ikawa kila saa mchana tu kwa wiki kadhaa, kisha kila saa mbili, kisha mara nne kwa siku. Kulikuwa na matone ya kutanua mboni pia, yaliyolegeza msuli wa ndani uliokuwa umekakamaa, na vidonge vya maumivu. Nilitumia dawa kwa miezi tisa.

Watu waliniuliza kwa nini ndefu hivyo, na wengine walinishauri niache jicho lilipotulia mwezi wa tatu. Jicho lilitulia, kweli. Lakini gamba moja likibaki ndani ya konea linaweza kufunguka baada ya wiki, na ugonjwa unarudi ukiwa ndani zaidi. Mwezi wa nne nilipata wekundu na uchungu upya, nikadhani amerudi. Haikuwa hivyo. Dawa zenyewe, zikitumiwa muda mrefu, zinaichoma ngozi ya jicho, na magamba yaliyokufa yakibaki ndani mwili unaendelea kuyapigana. Kutofautisha mambo hayo matatu ilikuwa kazi ya daktari kwa kunitazama kila wiki, na ni katika kipindi hicho, dawa ya amiba ikiwa imeshafanya kazi yake, ndipo aliponirudishia steroidi kidogo, chini ya macho yake. Dawa ileile iliyoniumiza mwanzoni ikanisaidia, kwa sababu sasa ilikuja baada ya tiba na si badala yake.

Historia ya ugonjwa huu si ndefu. Wagonjwa wa kwanza walielezwa miaka ya 1970, Uingereza na Marekani. Miaka ya 1980 Marekani ilipata wimbi la wavaaji lenzi waliokuwa wanajitengenezea maji ya chumvi nyumbani kwa kuyeyusha vidonge vya chumvi. Tangu 2010 hivi, madaktari wa London waliona wagonjwa wao wakiongezeka karibu mara tatu. Walipowalinganisha na wavaaji wengine wa lenzi, waliona kwamba wanaotumia lenzi za kurudia wana hatari karibu mara nne kuliko wanaovaa lenzi za siku moja na kuzitupa. Nilipoisoma hiyo, nilielewa kitu kuhusu kikopo. Lenzi ya siku moja haina kikopo. Haina mahali pa kulala usiku, haina utelezi, haina mezani pa amiba.

Dawa nyingi za lenzi za chupa moja, zile za kuosha na kuhifadhi kwa pamoja, zinaua bakteria vizuri lakini kwa magamba ya akanthamiba ni dhaifu. Zile za haidrojeni peroksaidi zina nguvu zaidi, ila lazima zikae masaa sita au zaidi kwenye kikopo chake maalumu mpaka makali yake yaishe, la sivyo zinaunguza jicho. Na hakuna inayofaa kitu ukiiongeza juu ya ya jana badala ya kuimwaga. Kikopo kinasuuzwa kwa dawa ya lenzi, kinafutwa kwa karatasi safi, kinaachwa wazi kimepinduliwa kikauke, na kinatupwa kabla ya miezi mitatu. Mikono inaoshwa kwa sabuni kisha inakaushwa kabisa. Sikulijua lile la kukausha. Nilikuwa nanawa vizuri na kushika lenzi kwa vidole vinavyodondosha maji.

Maji yaliyochemshwa nayo si dawa ya lenzi. Ukiyachemsha na kuyatia kwenye jagi, jagi lina historia yake.

Kinachonitia hofu zaidi ni lenzi za rangi. Kariakoo zinauzwa bila mtu kuuliza jicho lako likoje, na saluni za maharusi zinazo droo nzima. Nimemwona kwa macho yangu mpambaji akizitoa kwa bi harusi wa jana, kuzisuuza sinkini na kumvalisha wa leo. Huyo bi harusi haoni vibaya, hana daktari wa macho, hajui kwamba amevaa kitu cha kitabibu. Akilia wiki inayofuata, wataambiana kwamba ni kope bandia au gundi yake.

Wenzangu Waislamu huniuliza kuhusu udhu. Maji ya udhu hayatakiwi kuingia ndani ya jicho, ni uso unaooshwa, kwa hiyo fumba macho vizuri na ujifute kope kwa kitambaa kikavu kabla ya kuyafumbua. Mtu anayetawadha mara tano kwa siku akiwa na lenzi, hasa kwa maji ya pipa au ya tangi, lenzi za siku moja zinamfaa kuliko za mwezi, na miwani inamfaa kuliko zote mbili. Kuoga na kuogelea ni kuzivua. Zikilowa kwa bahati mbaya, vua, tupa, na kama huna nyingine vaa miwani hadi kesho. Na jicho likianza kuuma, peleka lenzi na kikopo pamoja na wewe, na sema mwenyewe kabla hujaulizwa: navaa lenzi, na ziliguswa na maji.

Nilimaliza tone la mwisho mwezi wa tisa. Katikati ya konea yangu kuna kovu jeupe, dogo kuliko punje ya mtama, na pembeni yake konea imekuwa na mabonde. Bila kitu jicho lile linasoma 6/60, ile herufi kubwa ya juu peke yake kwenye chati ya kupimia macho. Kwa miwani linafika 6/24, kwa sababu miwani haiwezi kusawazisha mabonde. Kupandikizwa konea ya mtu mwingine kunawezekana, lakini daktari anataka jicho likae kimya muda mrefu bila dawa kwanza, maana gamba lililobaki likiamka litaila na konea mpya.

Mwezi uliopita alinifanyia jaribio. Aliniwekea lenzi ngumu, akaijaza machozi bandia nyuma yake ili kuyafunika mabonde. Nilisoma mstari wa 6/9. Niliuona uso wa mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, kwa macho mawili, na mikunjo yake yote. Daktari akasema angeweza kunitengenezea ya kwangu, na akanieleza upya, taratibu, kuhusu dawa, kikopo na maji, kama mtu ambaye hajawahi kuyasikia. Mama hakusema kitu. Aliishika kamba ya mkoba wake kwa mikono miwili.

Bado sijampa jibu.